Baridi Inayobaki Mtungini

Hewa iliyoshindiliwa mtungini ikiachiliwa kwa ghafla, ile inayobaki ndani hupoa, na hupoa kuliko watu wengi wanavyodhani. Chukua mtungi wa chuma wa lita 12, wa aina inayobebwa mgongoni na wapiga mbizi. Umejazwa hadi shinikizo la bari 200, yaani takribani mara mia mbili ya shinikizo la hewa tunayovuta ufukweni, nao umekaa kivulini hadi halijoto yake imelingana na ya mahali ulipo: nyuzi 27 za Selsiasi. Vali inafunguliwa yote, hewa inatoka kwa mngurumo, na shinikizo likishuka hadi bari 100 vali inafungwa. Ikiwa tundu jembamba kuliko yote ndani ya vali lina kipenyo cha milimita 3.5 hivi, kazi hiyo huchukua sekunde tatu au nne tu. Hesabu ya kawaida ya fizikia inasema kwamba hewa iliyobaki ndani, dakika hiyo vali inapofungwa, ina nyuzi 27 chini ya sifuri.

Hakuna friji wala barafu iliyohusika. Joto halikutoka kupitia kuta za mtungi. Kinyume chake, kuta zina joto kuliko hewa iliyomo. Ili kujua baridi hiyo imetoka wapi, ni lazima kwanza kuamua ni hewa ipi hasa inayozungumziwa.

Mtungi uliojaa una hewa ya kilo 2.8 hivi. Sehemu yake itatoka na sehemu itabaki. Mwanzoni hewa hizo mbili zimechanganyika, lakini hakuna kinachozuia kuzitenganisha kwa mawazo: fikiria utando mwembamba usio na uzito, ndani ya mtungi, ukiigawa hewa itakayobaki na ile itakayotoka. Kabla vali haijafunguliwa, hewa itakayobaki imebanwa kwenye sehemu ya chini ya mtungi. Vali ikifunguliwa, hewa iliyo juu ya utando inaanza kutoka, na ile iliyo chini inapanuka na kuusukuma utando kuelekea shingoni. Vali inapofungwa, hewa ya chini imejaza mtungi mzima.

Kwa hiyo hewa iliyobaki imefanya kazi. Imeisukuma nje hewa iliyotangulia, na kusukuma kunagharimu nishati. Kama kungekuwa na muda wa kutosha, gharama hiyo ingelipwa na joto linalotoka kwenye chuma cha mtungi. Lakini mambo yanakwenda kasi mno, na joto halipati nafasi ya kuingia. Inabidi hewa ilipe kutoka mfukoni mwake, yaani kutoka kwenye nishati ya mwendo wa molekuli zake. Molekuli zikipunguza mwendo, halijoto inashuka. Upanukaji wa namna hii, ambamo joto haliingii wala halitoki, ndio unaoitwa upanukaji wa adiabati.

Kuna jambo la pili linalofanya hesabu iwe nyepesi. Ndani ya mtungi, mbali na vali, hewa haina vurugu. Inapanuka kwa utulivu, na kila wakati shinikizo la pande zote mbili za ule utando wa kufikirika ni lilelile. Vurugu, kelele na msuguano vyote viko kwenye tundu la vali na nje yake, na vinaihusu hewa inayotoka. Hewa inayobaki haivijui. Hivyo inaruhusiwa kutumia kanuni ya upanukaji wa adiabati ulio mtulivu, ambayo vitabu vya fizikia huiandika hivi:

T₂ = T₁ × (P₂ / P₁)^((γ − 1) / γ)

T₁ na P₁ ni halijoto na shinikizo kabla ya vali kufunguliwa; T₂ na P₂ ni za wakati inapofungwa. Herufi ya Kigiriki γ, inayosomwa gama, ni namba inayoeleza jinsi gesi inavyotunza joto. Kwa hewa, nitrojeni na oksijeni ni 1.4, kwa hiyo kipeo (γ − 1) / γ ni 0.4 gawa kwa 1.4, sawa na 0.286.

Halijoto ni lazima iwe katika kelvini, kipimo kinachoanzia kwenye sifuri kamili ya joto, na hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka. Nyuzi 27 za Selsiasi ni kelvini 300. Shinikizo limeshuka nusu, kwa hiyo P₂ / P₁ ni 0.5, na 0.5 kwa kipeo 0.286 inatoa 0.82. Zidisha kwa 300 na jibu ni kelvini 246, ambazo ni nyuzi 27 chini ya sifuri. Anayezidisha 27 ya Selsiasi moja kwa moja kwa 0.82 atapata nyuzi 22, jibu linaloonekana la busara na ambalo si sahihi hata kidogo.

Kanuni hiyohiyo ikiandikwa upya inaonyesha pia ni hewa kiasi gani iliyobaki. Wengi wangesema shinikizo likishuka nusu, nusu ya hewa imetoka. Ingekuwa hivyo kama halijoto isingebadilika. Lakini hewa baridi hutoa shinikizo dogo, hivyo sehemu ya mshuko wa geji imesababishwa na ubaridi wala si upungufu wa hewa. Kilichobaki ni 0.5 kwa kipeo cha 1 / 1.4, sawa na asilimia 61. Katika kilo 2.8 za mwanzo, kilo 1.7 bado zimo ndani na kilo 1.1 tu ndizo zilizotoka.

Aina ya gesi ina uzito wake katika hesabu. Argoni, gesi ambayo mafundi huitumia kukinga chuma kinachochomelewa, ina atomu zinazotembea mojamoja. Molekuli ya nitrojeni, yenye atomu mbili, huzunguka pia, na mzunguko huo ni akiba ya nishati inayoweza kuchotwa gesi inapofanya kazi. Argoni haina akiba hiyo. Gama yake ni 1.67, na mtungi wake ukishushwa shinikizo nusu kwa kasi ileile, gesi iliyobaki hufika kelvini 227, yaani nyuzi 46 chini ya sifuri.

Kuna njia nyingine ya kuhesabu ambayo hujitokeza mara kwa mara kwenye majibu ya mitihani, na inafaa kuelezwa kwa nini haifai. Mwanafunzi husema: hewa ya mtungini imetoka na kuisukuma angahewa, angahewa ina shinikizo la bari 1 lisilobadilika, basi kazi iliyofanyika ni bari 1 mara ongezeko la ujazo. Kwa mtungi ulioachwa umwage mpaka mwisho, hesabu hiyo hutoa nyuzi 58 chini ya sifuri. Namba hiyo ina maana, lakini ya kitu kingine: ni wastani wa hewa yote, iliyotoka na iliyobaki, kama ingekusanywa kwenye mfuko mmoja na kuchanganywa. Haielezi hewa iliyobaki peke yake. Hewa iliyobaki haikuisukuma angahewa. Ilisukuma hewa nyingine iliyokuwa na shinikizo kubwa, kwanza karibu bari 200, kisha 150, kisha 100, na ndiyo maana imepoteza nishati nyingi zaidi. Sehemu ya nishati hiyo imechukuliwa na hewa iliyotoka.

Mwingereza James Joule aliliona jambo hili kwa macho mwaka 1845. Aliunganisha vyombo viwili vya shaba kwa bomba lenye vali, kimoja kikiwa na hewa ya shinikizo la angahewa 22, kingine kikiwa kitupu. Vyombo vyote vilipokuwa ndani ya maji ya beseni moja, alifungua vali na hakuona mabadiliko ya halijoto ya maji. Kisha akaweka kila chombo katika maji yake. Safari hii maji yaliyozunguka chombo kilichotoa hewa yalipoa, na yale ya chombo kilichopokea yakapata joto, kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Hewa kwa jumla haikupoteza kitu. Ile iliyobaki nyuma ndiyo iliyolipa, na iliyotangulia ndiyo iliyopokea.

Hesabu ni rahisi. Kuthibitisha ndiko kugumu. Kipimajoto cha kawaida kikitumbukizwa ndani ya hewa iliyoganda kwa baridi ya ghafla huchukua muda kupoa chenyewe, na katika muda huo hewa imeshaanza kupata joto kutoka kwenye kuta. Lakini mtungi una kipimajoto chake tayari, nacho ni geji ya shinikizo. Baada ya vali kufungwa, hakuna hewa inayoingia wala kutoka na ujazo haubadiliki. Mtungi ukiachwa saa kadhaa, hewa iliyomo hupata joto taratibu mpaka irudi kwenye nyuzi 27, na shinikizo lake hupanda kwa uwiano uleule ambao halijoto katika kelvini imepanda. Kama kweli hewa ilikuwa na kelvini 246 wakati wa kufunga, geji iliyosoma 100 itapanda hadi 100 × 300 / 246, yaani bari 122.

Basi njia ya kupata halijoto ni kusoma geji mara mbili. Soma wakati wa kufunga vali, soma tena baada ya mtungi kurudi kwenye halijoto ya mahali ulipo, gawa ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa halijoto ya mahali katika kelvini. Usomaji wa kwanza ni lazima uwe wa papo hapo, kwa sababu sindano huanza kupanda mara tu vali inapofungwa. Wafaransa wawili, Nicolas Clément na Charles Desormes, walitumia wazo hilohilo katika jaribio walilolichapisha mwaka 1819. Wao walikuwa na chupa kubwa ya kioo na tofauti ndogo sana ya shinikizo kati ya ndani na nje, na lengo lao lilikuwa kinyume: badala ya kutumia gama kupata halijoto, walisoma shinikizo ili kupata gama. Jaribio lao bado hufanywa katika maabara za vyuo hadi leo.

Anayejaribu na mtungi halisi hataona 122. Huenda akaona 112, au 108. Kwa mfano geji ikipanda kutoka 100 hadi 112, halijoto ya hewa wakati wa kufunga ilikuwa 300 × 100 / 112, yaani kelvini 268, nyuzi 5 tu chini ya sifuri. Hii haimaanishi kwamba kanuni ina kasoro. Inamaanisha kwamba joto lilipenya.

Mtungi wa lita 12 wa chuma una uzito wa kilo 14 hivi ukiwa mtupu. Kuishusha halijoto ya chuma hicho chote kwa nyuzi moja kunahitaji kuondoa kilojuli 7 za joto, wakati hewa yote iliyomo mwanzoni inahitaji kilojuli 2 tu. Chuma kina akiba ya joto zaidi ya mara tatu ya hewa, na kila hewa inapopungua, tofauti inazidi kukua. Tena hewa yenye shinikizo kubwa ni nzito. Ile inayopata joto karibu na ukuta na ile ya katikati hubadilishana nafasi kwa mkondo mkali, na mkondo huo huchota joto kwenye chuma kwa haraka. Sekunde tatu ni muda mfupi. Nusu dakika si muda mfupi tena.

Upande wa pili wa hesabu unaweza kupatikana kwa kudhani kinyume kabisa: kwamba hewa inatoka polepole kiasi cha chuma na hewa kuwa na halijoto moja muda wote, bila mtungi kupata joto lolote kutoka nje. Hapo, shinikizo likifika bari 100, chuma na hewa vyote vina nyuzi 14 za Selsiasi, na geji baadaye hupanda hadi bari 105 hivi. Majibu yote ya kweli yako kati ya 105 na 122, kama mtungi hautapata joto la nje wakati wa kumwaga. Geji inayopanda kuelekea 122 inasema umwagaji ulikuwa wa kasi na dhana ya adiabati inafaa. Ikisimama karibu na 105, dhana hiyo haikufaa, na kuendelea kutumia kanuni ni kujidanganya.

Pengo kati ya majibu hayo mawili linakuwa la kutisha mtungi unapomwagwa mpaka mwisho. Kutoka bari 200 hadi bari 1, kanuni ya adiabati inatoa kelvini 66, nyuzi 207 chini ya sifuri. Dhana ya pili, ya chuma na hewa kwenda pamoja, inatoa nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Jibu la kwanza lina ubaya mwingine zaidi ya kusahau kuta: nitrojeni katika shinikizo la kawaida hugeuka kimiminika ikifika kelvini 77. Kanuni haina habari hiyo. Imeundwa kwa gesi ya kufikirika ambayo molekuli zake hazivutani, na gesi hiyo haiwezi kuwa kimiminika kamwe. Hewa halisi ingeanza kutoa ukungu wa matone kabla ya kufika huko.

Ukungu huo si nadharia tupu. Desemba 1877, Mfaransa Louis Paul Cailletet alishindilia oksijeni ndani ya bomba jembamba la kioo hadi angahewa 300 hivi, akaipoza hadi nyuzi 29 chini ya sifuri, kisha akaachilia shinikizo kwa ghafla. Ndani ya kioo ulionekana ukungu wa muda mfupi: matone ya oksijeni, gesi ambayo wengi waliamini haiwezi kugeuzwa kimiminika. Alichofanya ni kilekile kinachotokea mtungini, ila yeye alianza na gesi iliyokwisha kupozwa.

Hata katika mshuko mdogo wa bari 200 hadi 100, molekuli za hewa zimesongamana vya kutosha kufanya kanuni ikosee kwa nyuzi kadhaa. Kwa makadirio hilo linavumilika. Kwa kazi inayohitaji usahihi, wahandisi huacha kanuni na kutumia majedwali ya sifa za gesi halisi, wakitafuta hali ya pili yenye entropia sawa na ya kwanza.

Kosa dogo zaidi hutokana na geji yenyewe. Geji husoma shinikizo lililozidi lile la angahewa, hivyo inaposoma sifuri ndani bado mna bari 1, na inaposoma 200 ndani mna 201. Juu huko tofauti haina athari. Chini ya bari 10 ni lazima kuongeza 1 kabla ya kuweka namba kwenye kanuni.

Mitungi mingine haihusiki kabisa na hesabu hii. Ule wa gesi ya kupikia una kimiminika ndani. Ukifunguliwa, kimiminika huchemka na kujaza nafasi ya mvuke uliotoka, kwa hiyo shinikizo halishuki kwa namna ya hewa na ubaridi wake ni wa uvukizaji. Vivyo hivyo mtungi wa kuzimia moto wenye kaboni dayoksaidi, ambayo pia hukaa humo kama kimiminika. Kanuni ya adiabati ni ya mitungi yenye gesi tupu: hewa, nitrojeni, oksijeni, argoni, heliamu.

Theluji nyembamba inayoonekana kwenye vali ya mtungi unaomwagwa, hasa katika hewa yenye unyevu ya pwani, haisemi halijoto ya ndani. Inasema tu kwamba chuma cha mahali hapo kimeshuka chini ya sifuri. Hewa ya katikati ya mtungi inaweza kuwa baridi zaidi sana, na ubavu wa mtungi ukawa bado na uvuguvugu mkononi.

Jaribio la kufungua vali yote halifai kufanywa na mtungi uliosimama wima bila kufungwa. Kwa tundu la milimita 3.5 na bari 200, hewa inayotoka husukuma mtungi kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 24, na mtungi wenyewe pamoja na hewa yake hauzidi kilo 17. Mngurumo wake huumiza masikio, na mkono uliowekwa mbele ya tundu hujeruhiwa. Mitungi inayotolewa hewa kwa ajili ya ukaguzi humwagwa polepole, ikiwa imefungwa imara, na hapo chuma hupata muda wa kuirudishia hewa joto lake. Anayehitaji kujua kiasi cha hewa kilichobaki baada ya kumwaga kwa kasi asiamini usomaji wa kwanza: aache mtungi urudi kwenye halijoto ya mahali ulipo, kisha asome geji upya.